PDF ya skana yenye kurasa zilizopinduka: nilivyoinyoosha yangu

"Wakuu, nimetumiwa PDF ya kurasa tisini na kitu, imeskaniwa. Ukurasa mmoja uko sawa, unaofuata kichwa chini, hivyohivyo hadi mwisho. Nikiigeuza kwenye kompyuta inakaa sawa, nikifunga na kufungua tena imerudi kulekule. Na nikitafuta neno halipatikani. Nifanyeje niisome bila kupinda shingo?"

Mkuu, hilo la kurudi kulekule lilinitesa siku nzima kabla sijaelewa kinachotokea. Ile amri ya kugeuza iliyoko kwenye Adobe Reader, na kwenye kivinjari pia, inageuza unachokiona tu. Faili lenyewe haliguswi. Ndani ya PDF kila ukurasa una sehemu inayoitwa `/Rotate`, inayobeba 0, 90, 180 au 270, na hiyo ndiyo programu yoyote ya kusoma PDF inaifuata inapofungua. Ukitaka mgeuko ubaki, lazima namba hiyo ibadilishwe na faili lihifadhiwe upya. Uzuri wake ni kwamba picha ya ukurasa haiguswi kabisa, kwa hiyo ubora haupungui hata chembe na kazi inaisha kwa sekunde chache. Kuna watu wanafungua, wanageuza, halafu "wanachapa" kwenda PDF nyingine. Usifanye hivyo: mara nyingi picha zinatengenezwa upya na maandishi yaliyokuwa yanatafutika yanapotea.

Langu lilikuwa jalada la kumbukumbu za vikao vya ushirika wetu, karatasi 48 zilizochapwa pande mbili. Kijana wa stesheneri alizipitisha kwenye mashine inayovuta karatasi yenyewe na kuskani pande zote. Mashine hizo huuliza kama karatasi zinafunguka kama kitabu au kama kalenda ya ukutani. Ukiiambia kalenda wakati karatasi zako ni za kitabu, kila mgongo wa karatasi unatoka kichwa chini miguu juu. Ndiyo sababu yako inaruka mmoja mmoja: za witiri ziko sawa, za shufwa zimepinduka. Kama bado una karatasi mkononi na ni chache, rudia kuskani ukiwa umerekebisha hapo. Mimi zilisharudi kabatini kwa katibu.

Nilitumia `qpdf`, programu ya amri za kuandika, ni bure, iko Linux, Windows na Mac. Kwa jalada ambalo halina vituko, amri ni hii tu:

```
qpdf asili.pdf sawa.pdf --rotate=+180:1-z:even
```

`z` ni ukurasa wa mwisho, `even` ni za shufwa. Ile alama ya kujumlisha usiiache. Ukiwa nayo, 180 inaongezwa juu ya mgeuko uliopo. Bila hiyo, ukurasa unawekwa 180 bila kujali mgeuko uliokuwepo, na kama ulikuwa tayari na 180 na bado unaonekana kichwa chini, hakuna kitakachobadilika. Jina la faili la pili liwe tofauti na la kwanza ili ya asili ibaki salama.

Sasa, langu lilikuwa na kituko. Nilipofungua `sawa.pdf` nikafurahi hadi ukurasa wa 39, halafu kuanzia 40 mambo yakageuka: zile zilizokuwa sawa ndizo zilizopinduka. Nikadhani amri ina kasoro. Nikahesabu: karatasi 48 zilitakiwa kutoa kurasa 96, faili lina 95. Mgongo wa karatasi ya 20 ulikuwa mweupe, na mashine ilikuwa imewekwa iruke kurasa tupu. Ukurasa mmoja ukidondoka katikati, witiri na shufwa zinabadilishana nafasi kuanzia hapo hadi mwisho. Kwa hiyo kabla ya kugeuza chochote, fungua ule upande wa vipicha vidogo vya kurasa, shuka navyo taratibu, na uandike pale mpangilio unapokatika. Idadi ya kurasa ikiwa witiri na kazi ilikuwa ya pande mbili, jua kuna ukurasa umerukwa. Ikiwa shufwa usijiamini, huenda zimerukwa mbili.

Nikarudi kwenye faili la asili na kuligawa mara mbili:

```
qpdf asili.pdf sawa.pdf --rotate=+180:1-39:even --rotate=+180:40-z:even
```

Hapo mtu atasema nimekosea, kwamba baada ya 40 nilitaka witiri, iweje niandike `even` tena? `qpdf` inahesabu nafasi ndani ya fungu ulilolitaja, haiangalii namba ya ukurasa. Katika fungu la 40 hadi 95, wa 40 ni wa kwanza, wa 41 ni wa pili, kwa hiyo `even` inashika 41, 43, 45 hadi 95. Ndizo hasa nilizozitaka.

Ukabaki ukurasa wa 52, jedwali la michango lililolala ubavu, vichwa vya herufi vikitazama kushoto. Mgeuko unahesabiwa kufuata mshale wa saa, kwa hiyo huo ulihitaji `+90`. Kama vichwa vingetazama kulia ningeandika `-90`.

```
qpdf sawa.pdf sawa2.pdf --rotate=+90:52
```

Kama amri za kuandika hazikupendi, PDFsam Basic ina kazi ya Rotate ambapo unachagua kurasa za shufwa au witiri na nyuzi 180, na inahifadhi kweli. Tovuti za kugeuza PDF zipo tele, ila jalada lenye majina na sahihi za watu mimi siwezi kulipandisha huko. Na kama faili lina sahihi ya kidijitali, weka nakala ya asili, maana ukihifadhi upya sahihi inaweza kuonekana batili.

Kuhusu kutafuta neno. Nakili mstari mmoja kutoka ukurasa uliokuwa umepinduka, ubandike kwenye Notepad. Hakuna kitu? Basi faili ni picha tupu. Yanatoka matakataka ya herufi? Basi kompyuta ililazimishwa kusoma maandishi yakiwa kichwa chini, ikabahatisha, na ilichobahatisha kimebaki humo hata baada ya kugeuza. Langu lilikuwa la pili. Nikalisomesha upya kwa `ocrmypdf`, nikiwa nimeweka pia kifurushi cha Kiswahili cha Tesseract, programu ambayo `ocrmypdf` huitumia kutambua herufi:

```
ocrmypdf -l swa+eng --redo-ocr sawa2.pdf tayari.pdf
```

Kama lako ni picha tupu, toa `--redo-ocr` uweke `--deskew`, itanyoosha na zile zilizoinama kidogo. Hizo mbili haziendi pamoja.

Utaambiwa `ocrmypdf` ina `--rotate-pages` inayogeuza yenyewe, uachane na hesabu zote hizo. Nilianza nayo. Inatambua juu na chini kwa kutazama herufi, kwa hiyo kurasa zilizojaa maandishi ilizipatia vizuri, lakini zile zenye muhuri na sahihi tatu tu iliziacha zilivyo, kwa kuwa herufi hazikutosha kuamua. Kwa faili ambalo kurasa zimepinduka ovyo bila mpangilio, itumie, kisha pitia vipicha ukamalizie kwa mkono. Lako lina mpangilio, anza na `qpdf`. Hesabu kurasa kwanza, tuambie ni ngapi.