Kulala porini Tabora kuangalia nyota: tarehe 8 au 15?

"Wakuu, nauli ya kwenda jangwani Chalbi hatuna. Tuko Tabora mjini, tunataka kulala porini upande wa Sikonge Agosti 2026 tuone nyota. Jumamosi ya tarehe 8 au ya 15? Na baridi ikoje?"

Mkuu, nendeni tarehe 8. Mwezi utakuwa gizani kabisa Jumatano ya tarehe 12, kwa hiyo Jumamosi zote mbili zinaonekana sawa kwenye kalenda, lakini kwa mtu anayeangalia nyota jioni si sawa hata kidogo. Kabla ya giza la mwezi, mwezi hutoka alfajiri. Baada yake, hukaa magharibi jioni.

Tarehe 8 jua litazama karibu saa 12:50, na giza la kweli litaingia kama saa 2. Mwezi hautachomoza mpaka saa 9 na nusu hivi. Kati ya hapo mna saa saba za giza tupu. Sehemu nene ya Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota, pale karibu na mkia wa kundinyota la Ng'e, itafika juu kabisa saa 3 na nusu, na Kilimia kitachomoza kabla ya saa 8. Tarehe 15 hilali itabaki angani hadi karibu saa 3 na nusu, yaani muda uleule mnaoutaka.

Kwa safari nyingine hesabuni kwa mwezi mwandamo: kuanzia mwezi 22 hivi hutoka usiku wa manane au baadaye. Kumi na nne ni mbalamwezi usiku kucha, kaeni nyumbani. (Wa Kigoma wana jambo lao: giza la mwezi ndipo wavuvi wa dagaa huwasha taa ziwani, kwa hiyo wapande milimani, mbali na ufukwe.)

Baridi inatokana na ukavu uleule unaosafisha anga. Bila mawingu, ardhi hupoteza joto haraka. Mchana mtakuwa na nyuzi 29 hivi, alfajiri 15 au 16. Jangwani tofauti huweza kufika 20. Hewa baridi ni nzito, huteremka ikatuama kwenye mbuga za bondeni, basi msilale humo hata kama pako wazi. Tafuteni shamba lililovunwa kwenye mwinuko, na mripoti kwa mwenyekiti wa kijiji mapema. Tandikeni godoro au jamvi nene, maana ardhi huwapoza kuliko hewa.

Kinachoharibu Agosti ni moshi wa nyasi zinazochomwa. Saa 2 usiku tazameni kusini magharibi: Msalaba wa Kusini utakuwa chini, kama ngumi mbili za mkono ulionyooshwa juu ya upeo. Nyota zake nne zikionekana hafifu, kuna moshi, basi tazameni juu tu na muuache upeo. Msipoziona kabisa, ahirisheni mpaka giza la mwezi la Septemba 11, ingawa moshi huweza kuwepo bado.