Kelly kwa beti mbili za mechi moja: usiweke 10% mara mbili

"Wakuu, mtaji 400,000. Jumamosi nina beti mbili za mechi moja: mabao 3 au zaidi, na timu zote kufunga. Zote odi 2.00, nakadiria 55%. Kanuni ya Kelly ya kupima ukubwa wa dau inanipa 10% ya mtaji kila moja. Niweke 40,000 na 40,000?"

Usiweke, mkuu! Hiyo 10% ni ya beti ikiwa peke yake. Zikiwa mbili kwa pamoja, uliza kwanza: zinachanika pamoja mara ngapi?

Mimi nilidanganywa na muuza tipsi mmoja hapa Mwanza. Alinihakikishia kwamba kila beti ina hesabu yake, Kelly keshanilinda. Nikaweka tatu kwenye timu moja: ishinde, iongoze hadi mapumziko, ishinde kwa tofauti ya mabao mawili. 10% kila moja. Kipa wao akala kadi nyekundu mapema, na 30% ya mtaji, pesa niliyotaka kununulia dagaa pale Mwaloni Kirumba, ikaondoka kwa tukio moja. Jamaa ada yake alishachukua, na hadi leo anafundisha vijana uongo uleule.

Hata bila kadi ile ningeisha taratibu. Beti zinazokwenda pamoja kabisa ni beti moja kubwa. Kwa odi 2.00 na 55%, ukiweka jumla ya 20% kila raundi, mtaji haukui kwa muda mrefu. Ukiweka 30%, unapungua wastani wa karibu 1.6% kila raundi, ingawa makadirio yako ni sahihi!

Sasa zako. Matokeo ya 1-1 yanakupa timu zote kufunga bila mabao 3. 3-0 inakupa kinyume chake. Mengi mengine, kama 2-1 au 1-0, yanazipeleka upande mmoja. Chukua rekodi za mechi za nyuma za ligi hiyo, uhesabu ni mara ngapi zote zilishinda au zote zilipotea. Tuseme 80%. Kwa 55% kila moja, maana yake zote kushinda ni 45%, zote kupotea 35%, na 20% moja inafidia nyingine. Jumla ya dau:

```
(0.45 - 0.35) / (0.45 + 0.35) = 0.125
```

Ni 12.5% kwa zote mbili, yaani 25,000 na 25,000. Zingekuwa mechi mbili zisizohusiana, zingeenda pamoja 50.5% tu, na ungeweka karibu 9.9% kila moja. Hapo ndipo 40,000 yako ingekaribia kuwa sawa.

Njia hii fupi inafaa odi zikiwa 2.00 zote na uwezekano ukilingana. Zikitofautiana, andika matokeo yote manne na uwezekano wake, kisha ujaribu madau hadi uone wastani wa logi ya mtaji uko juu kabisa.

Na kama Jumamosi itafika hujapata rekodi, zichukulie kuwa beti moja: 20,000 na 20,000.