Ubeti wa Kaa na Mizani

Swali: "Mke wangu ni Saratani na mimi ni Ndoo. Mwezi ujao tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Nitungeje shairi fupi lenye nyota zetu zote mbili na safari yetu tangu tulipotoka Pemba?"

Ndugu yangu, neno Saratani liache. Niliwahi kuliandika kwa ajili ya mke wangu, aliyezaliwa Julai, kwa sababu silabi zake nne zilinijazia nusu ya kipande, lakini nilipomsomea alinyamaza, kwani mamaake mdogo alikuwa ametoka kugunduliwa na maradhi yenye jina hilohilo. Nikalifuta nikaandika Kaa, na hapo ndipo shairi lilipofunguka, maana kaa ni mdudu wa mikokoni na pia ni ombi la kubaki. Mimi ni wa Oktoba mwanzoni, nyota ya Mizani, nami nilikuwa nikipima karafuu kabla ya kuhama. Kwa hiyo kila nyota ilikuwa na kazi yake ndani ya maisha yetu, sikulazimika kusifu tabia za watu wa nyota fulani.

Nilichagua tarbia ya mishororo minne, kila mmoja mizani kumi na sita, yaani nane kwa nane, vina vya kati -ni na vya mwisho -aa:

Nyota yangu ni Mizani, yako wewe ni ya Kaa,
Tulitoka Mkoani, bila senti, tuna njaa,
Chumbani kule Ng'amboni, tukawasha moja taa,
Nikipima duniani, wawazidi, nami kaa.

Utaona kwamba safari imekaa katika mishororo miwili ya kati tu. Rasimu ya kwanza ilikuwa na beti sita zenye kila nyumba tuliyopanga, nayo ilisomeka kama orodha ya anwani. Taa moja ilitosha, kwa sababu mke wangu anaikumbuka ile taa ya chemli na masizi yake ukutani.

Hesabu mizani kwa vidole huku ukisoma kwa sauti. Makosa mengi hutokea kwenye M inayosimama peke yake: Mkoani ni silabi nne, M-ko-a-ni, si tatu, na ukiikosea kipande kizima kitapwaya pale unapokighani.

Kwako wewe, Ndoo ina bahati ya namna yake. Katika Kimvita "ndoo" ni "njoo", kwa hiyo mkeo ukimwambia "kaa" naye akakujibu "ndoo", nyota zenu zinazungumza. Kama mlichota maji kisima kimoja kabla ya kuhama, mshororo wako wa pili umeshapatikana. Anza na kituo, yaani mshororo wa nne, uutafutie vina vyake kwanza, kisha panda juu; mimi nilianzia juu, na "nami kaa" ilinichukua siku tatu kuipatia mahali pake.