Tenzi za ibada: vina vya Bukavu vinapofika Mombasa

*Natunga tenzi za ibada hapa Bukavu. Kwaya za Goma na Lubumbashi wanaziimba vizuri, lakini wa Mombasa wananiambia vina vimevunjika na maneno mengine yanawakwaza. Nibadilishe nini, bila watu wetu kusikia kama ni wimbo wa wageni?*

Ndugu, anza na vina, maana hapo ndipo sikio letu linapotudanganya. Huku kwetu dhambi tunaitamka "zambi", fedha "feza", radhi "razi", na hadithi inakuwa "hadisi". Kwa hiyo kazi na radhi kwetu vinaungana bila shida. Mtu wa Mombasa anatamka *-dhi* kwa ncha ya ulimi katikati ya meno, na kwake hiyo si *-zi* hata kidogo. Vivyo hivyo nafasi na hadithi. Dhambi haina hatari mwishoni mwa kipande, kwa sababu kina chake ni *-mbi* pande zote. Linaloharibu ni neno ambalo dh au th iko katika silabi ya mwisho. Maneno hayo yaweke katikati ya kipande, mwishoni usiyaweke.

Tuchukue ubeti mmoja wa utenzi, vipande vinne vya mizani nane, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina cha utenzi mzima:

Mapendo yako ni feza,
Roho yangu yatangaza,
Giza yote wamaliza,
Niko naomba mu moyo.

Mizani imetimia kote. Kasoro ya kwanza ni feza, ambayo pwani ni fedha na inaachana na tangaza na maliza. Weka "mwangaza", uondoe "ni" ili mizani isizidi: *Mapendo yako mwangaza*. Tena mwangaza unapatana na giza la kipande cha tatu kuliko fedha ilivyopatana nalo.

"Mapendo" liache. Wa pwani wamezoea upendo, lakini mapendo wanalielewa, na kwetu ndilo neno la kanisani. Kwaya ya pwani ikipenda kubadilisha, *upendo wako* ina mizani ile ile na haigusi kina. Usikimbilie "mapenzi" ukidhani ndiyo sanifu zaidi: mapenzi ya Mungu kwa wengi ni yale anayotaka yatimizwe, na mapenzi peke yake yanawapeleka kwenye habari za wachumba.

Kipande cha tatu kinahitaji herufi moja tu: *giza lote*. Huku "yote" hatuisikii kuwa kosa, wao wanaisikia mara moja.

Kipande cha nne ndicho chenye kazi. "Niko naomba" ni mizani tano, "ninaomba" ni nne, kwa hiyo ukisanifisha bila kuhesabu unabaki na pengo. Lijaze kwa *-ku-*: ninakuomba. Halafu "mu moyo" inakuwa moyoni, mizani tatu kwa tatu. Ila angalia, kina kimehama kutoka *-yo* kwenda *-ni*, na hicho ndicho kina cha utenzi wako wote. Amua kabla ya ubeti wa kwanza. Ningechagua *-ni*, kwa sababu mbinguni, duniani, imani na amani yote yanasikika kanisani Lubumbashi na Mombasa pia.

Mapendo yako mwangaza,
Roho yangu yatangaza,
Giza lote wamaliza,
Ninakuomba moyoni.

Mengine ni mepesi. "Batu bote" andika watu wote, hesabu haibadiliki. "Mungu iko" andika Mungu yuko, na hili usilipuuze: masikioni mwa pwani "iko" ni ya kitu, na katika wimbo wa sifa inaumiza. "Makambo" hawalijui kabisa. Taabu ina mizani tatu kama hilo, lakini kina ni *-bu*.

Kuna jambo la noti pia. Mutakatifu na Mtakatifu yote ni mizani tano, maana ile *m* inahesabiwa. Lakini ukivuta noti ndefu juu ya "mu", mwimbaji wa pwani hana vokali ya kuvuta, atabaki anavuma midomo imefungwa. Noti ndefu ipeleke kwenye *ka* au *ti*.

Kabla ya kuutuma, mpe mtu wa pwani ausome bila tuni, akipiga kofi kila mizani, nawe uufuate kwenye karatasi yako. Akimaliza kipande na kofi saba au tisa, au akisita kabla ya neno la mwisho, tia alama hapo na urudie kipande hicho tu.