Deni la raba ni la nani?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 17, niko kidato cha tatu, Morogoro. Mwezi wa tatu nilichukua vitu kwa mkopo duka la nguo hapa mtaani: viatu vya shule 40,000, suruali za shule mbili 36,000, raba 110,000 na jaketi 64,000. Nimelipa 40,000 za mayai ya kuku wangu. Sasa mwenye duka anamdai baba 210,000, anasema kila Januari baba hunituma pale kuchukua sare za wadogo zangu na analipa mwisho wa mwezi. Ametishia polisi na anataka baba asaini karatasi. Baba amekasirika, anasema hadaiwi hata senti. Nani ana haki?*

Marahaba, mwanangu. Wote wawili wana haki kidogo, na wote wawili wamezidisha.

Tuanze na wewe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inasema katika kifungu cha 11 kwamba anayeweza kuingia mkataba ni mtu aliyefikia umri wa utu uzima, yaani miaka 18, mwenye akili timamu. Makubaliano ya aliye chini ya hapo ni batili. Batili maana yake hayakuwahi kuwa mkataba, hata kama uliandika jina lako kwenye daftari la madeni na ukaweka dole gumba juu yake. Kwa hiyo mwenye duka hawezi kusimama mahakamani na kusema "alikubali 250,000, basi alipe 250,000".

Lakini usikimbilie kushangilia. Kifungu cha 68 cha sheria hiyohiyo kinamlinda muuzaji aliyempa mtoto mahitaji ya lazima yanayolingana na hali yake ya maisha. Huyo anastahili kurudishiwa thamani yake, ila kutoka kwenye mali ya mtoto mwenyewe. Wewe una kuku na unauza mayai, kwa hiyo una mali. Mtoto asiye na kitu angekuwa hana cha kudaiwa, na deni lisingehamia kwa baba kwa sababu hiyo.

Hitaji la lazima ni lipi? Hapa ndipo wenye maduka wengi wanapokosea, wanadhani nguo zote ni lazima kwa sababu hakuna anayetembea uchi. Mahakama huuliza maswali mawili: kitu hiki kinamfaa mtu wa hali yake, na je, siku anapewa alikuwa anakihitaji kweli? Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1908, ya Nash na Inman, ambayo wanasheria wanaitaja mpaka leo. Mshona nguo alimdai mwanafunzi wa Cambridge aliyechukua nguo nyingi, vikiwemo vizibao 11 vya fahari. Baba wa kijana alionyesha kwamba mwanawe alikuwa tayari na nguo za kutosha, na mshonaji akashindwa. Aliyetakiwa kuthibitisha uhitaji ni muuzaji.

Sasa fungua kabati lako. Kama viatu vyako vya zamani vilikuwa vimetoboka, viatu vya shule ni hitaji. Suruali hujaniambia unazo ngapi. Kama ulikuwa na moja iliyochanika, mbili ni halali. Kama ulikuwa nazo tatu nzima, hizo mbili si hitaji hata kama ni za shule. Raba ya 110,000 na jaketi kwa joto la Morogoro, mwanangu, hata mimi shangazi yako siwezi kukutetea.

Tuseme viatu na suruali ulivihitaji. Bado hudaiwi 76,000 kwa sababu tu imeandikwa daftarini. Unachodaiwa ni bei ya haki, na bei ya mkopo mara nyingi huwa imepandishwa. Pita maduka mawili au matatu, uliza bei ya taslimu ya viatu na suruali za aina ileile. Tuseme ukakuta viatu 32,000 na suruali 15,000 moja: jumla 62,000. Toa 40,000 ulizolipa, inabaki 22,000. Hiyo ndiyo hesabu ya kumpelekea, ukimwambia wazi kwamba malipo yako yahesabiwe kwenye vitu vya shule.

Raba na jaketi virudishe kama bado unavyo. Jaketi ambalo halijavaliwa atalipokea bila shida. Raba iliyovaliwa atanung'unika, lakini aliyempa mtoto mkopo wa anasa alijitwisha hatari hiyo mwenyewe. Mpelekee mbele ya shahidi, na aandike kwamba amepokea.

Baba yako naye. Ubaba peke yake haumfungi mtu kwenye deni la mwanawe. Ni kweli Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amtunze mtoto kwa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, lakini wajibu huo haumpi muuza duka ruhusa ya kukukopesha apendavyo kisha abishe hodi kwa mzee. Baba hufungwa pale anapokuwa yeye ndiye mnunuzi na wewe ni mkono wake tu: amekutuma, au amemwambia mwenye duka "mpe, nitalipa". Na kuna njia ya tatu, ambayo inamgusa: mazoea. Kama kila Januari anakutuma, unachukua sare, naye analipa bila neno, mwenye duka ana sababu ya kuamini kwamba kwa sare unachukua kwa niaba yake. Mazoea hayo yanafika kwenye sare tu. Hayafiki kwenye raba. Kwa hiyo baba kusema hadaiwi hata senti ni kujiweka pabaya: zile 22,000 za vitu vya shule mwenye duka anaweza kumdai yeye, na ana hoja.

Karatasi asiisaini ikiwa imeandikwa "nitalipa deni la mwanangu 210,000". Akisaini hivyo, anatengeneza ahadi yake mwenyewe mahali ambapo hakuwa na deni. Aandike ya kwake: kwamba analipa 22,000 za viatu na suruali, na kwamba kuanzia tarehe hiyo mwanawe asipewe kitu kwa jina lake bila barua yake. Nakala ibaki kwa mwenye duka, nyingine nyumbani. Kukukaripia wewe sebuleni hakumfikii mwenye duka. Taarifa lazima impate yeye.

Kuhusu polisi, deni la duka ni shauri la madai, linakwenda mahakama ya mwanzo. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwasuluhisha, lakini hawezi kuja kuchukua kuku. Kitu kimoja kingebadilisha picha: kama ulimwambia una miaka 19 au ulionyesha kitambulisho cha mtu mwingine. Kupata mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na umri wako hautalifuta. Kama ulisema uongo huo, mwambie baba leo, kabla hajaenda kuongea na mwenye duka.

Na ukitimiza 18, jihadhari na mwenye duka akikuita kwa tabasamu: "Chukua fulana hii, tuandike pamoja na lile la zamani." Makubaliano yaliyokuwa batili hayafufuki siku ya kuzaliwa kwako, lakini karatasi mpya, yenye bidhaa mpya na saini ya mtu mzima, inaweza kumpa pa kushikia. Ukitaka fulana, lipa taslimu na udai risiti yenye fulana peke yake.