Asilimia 5 mara nne na asilimia 20 ya mkupuo: soma hapa kabla hujasaini barua ya nyongeza

Wiki iliyopita dada mmoja anayefanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli huko Moshi aliniandikia. Mwajiri wake amempa achague: nyongeza ya asilimia 5 kila Januari kwa miaka minne, au asilimia 20 kwa mkupuo kuanzia Januari hii, halafu asiguse tena habari za mshahara mpaka miaka minne ipite. Akamalizia, "Kaka, si yote ni asilimia 20 tu?"

Nilicheka peke yangu ofisini. Sikumcheka yeye. Jibu la swali hilo niliwahi kupewa na bosi wangu wa zamani, tena kwa maandishi.

Mimi ni mhasibu. Mwaka 2020 nilikuwa kwenye kampuni moja ya utalii hapa Arusha, mshahara wa msingi 800,000. Mwaka ule kila mtu wa mji huu anaukumbuka: Land Cruiser zimejipanga uani, madereva wanaosha magari ambayo hayajatoka, na mwenye kazi anamshukuru Mungu bila kuuliza maswali. Nyongeza ingetoka wapi? Tukavumilia. Lakini wageni wakarudi. Ankara nilikuwa naziandaa mwenyewe, kwa hiyo nilijua kinachoingia. Kila tukigusia mshahara tunaambiwa, "Subirini kwanza tusimame."

Januari 2024 nikaitwa. Bosi akachukua risiti ya mafuta iliyokuwa mezani, akaigeuza, akaandika 5 + 5 + 5 + 5 = 20, akapiga mistari miwili chini yake. "Unaona? Ningekupa asilimia 5 kila mwaka tangu 2021, leo ungekuwa hapahapa. Nimekulipa zote kwa pamoja. Hatujakudhulumu hata shilingi." Mshahara ukapanda kutoka 800,000 hadi 960,000. Wenzangu waliopewa hivyohivyo walitoka wakipongezana. Mimi niliomba ile risiti, nikaitia mfukoni. Kumwambia mhasibu hesabu ya namna ile mbele ya macho yake, kusema kweli, kuliniuma kuliko hela yenyewe.

Tuanze na kosa la wazi. Asilimia 5 ya pili haihesabiwi kwenye 800,000, inahesabiwa kwenye mshahara ambao tayari umeshapanda. Jirani yangu wa Njiro, naye mhasibu lakini kiwandani, alianza 2020 na mshahara sawa na wangu, na kwao nyongeza ya asilimia 5 ilitoka kila Januari. Mwaka 2021 alipata 840,000. Mwaka 2022 nyongeza haikuwa 40,000 tena, ilikuwa 42,000, akafika 882,000. Mwaka 2023 akawa na 926,100, na 2024 akafika 972,405. Ukilinganisha na alipoanzia, amepanda asilimia 21.55, wala si 20. Ukitaka kuhakikisha, fungua Excel uandike:

```
=800000*1.05^4
```

Hiyo 4 ni idadi ya miaka, na 1.05 ni mshahara mzima pamoja na asilimia 5 yake. Badilisha namba uweke zako.

Kwa hiyo bosi alikosea kwa shilingi 12,405 kwa mwezi. Wengi wakifika hapa wanaona wamemaliza, wanaanza kugombana kwa ajili ya hiyo elfu kumi na mbili. Hapo ndipo ninapotaka tutulie, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ndogo kabisa ya hasara yangu.

Angalia miaka ya katikati. Mwaka 2021 jirani alinizidi 40,000 kila mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 alinizidi 82,000 kwa mwezi, ikawa 984,000. Mwaka 2023 pengo lilifika 126,100 kwa mwezi, sawa na 1,513,200. Jumla kabla sijapata ile nyongeza yangu ni 2,977,200. Ningebaki pale mwaka mzima wa 2024, ongeza 148,860 inayotokana na zile 12,405, ungepata 3,126,060. Hizi ni hesabu kabla ya makato ya NSSF na PAYE, kwa hiyo mkononi zinapungua, lakini picha ni ileile. Karibu milioni tatu zimepotea kwa kusubiri tu, na hilo neno la "nimekulipa zote kwa pamoja" halikurudisha hata senti yake. Nyongeza inayotolewa leo inaanza kuhesabika leo. Hailipi miezi iliyopita, labda barua iseme wazi kwamba kuna malimbikizo, na kiasi chake kiandikwe.

Wengine mtasema basi mkupuo ni wizi, tuukatae. Taratibu. Swali la dada wa Moshi si kama langu. Mimi asilimia 20 ilikuja mwishoni mwa miaka minne, yeye anapewa mwanzoni. Tarehe hiyo moja inageuza kila kitu.

Mshahara wake siutaji hapa, nitumie 800,000 yangu ileile. Akichukua asilimia 20 sasa, atalipwa 960,000 tangu mwezi wa kwanza, na kwa miaka minne atakusanya 46,080,000. Akichukua asilimia 5 kila mwaka, kama jirani yangu, atakusanya 43,446,060. Mkupuo wa mwanzoni unamzidishia 2,633,940. Na ni rahisi kuelewa kwa nini: yule wa asilimia 5 anafika kwenye 960,000 na kuipita mwaka wa nne tu, wakati mwenzake amekaa juu tangu siku ya kwanza.

Kisha jiulize: mwaka wa tano kunatokea nini? Kama nyongeza zote mbili zinaishia mwaka wa nne na mishahara inaganda, yule wa asilimia 5 anamzidi mwenzake 12,405 tu kwa mwezi. Gawanya 2,633,940 kwa 12,405. Inatoka miezi 212, yaani miaka 17 na miezi minane ndipo amfikie. Ni nani anakaa mapokezi ya hoteli moja miaka yote hiyo akisubiri kulipwa deni la namna hiyo?

Lakini kama asilimia 5 inaendelea baada ya mwaka wa nne, na mwenye mkupuo amebaki kwenye 960,000, mambo yanageuka haraka. Mwaka wa tano anafika takribani 1,021,000. Wa sita, takribani 1,072,000. Wa saba, kama 1,125,700, na mwezi wa nne wa mwaka huo wa saba anakuwa amefidia pengo lote. Kuanzia hapo kila mwezi ni wake. Tena jinsi asilimia inavyokuwa kubwa na miaka kuwa mingi, ndivyo kujumlisha kwa kichwa kunavyokudanganya zaidi. Asilimia 10 kwa miaka mitano, wengi wetu tunasema 50. Ni 61.05. Kwa mshahara wa 800,000 hiyo ni tofauti ya shilingi 88,408 kwa mwezi, na hapo si jambo la kupuuza tena.

Kwa hiyo, ndugu yangu, acha kuuliza asilimia ngapi kabla hujauliza lini inaanza na inaishia lini. Nimeona watu wasomi kabisa, wenye shahada zao ukutani, wanagombania asilimia 22 badala ya 20 halafu wanakubali ianze Julai badala ya Januari. Kwa mshahara wa 800,000 hiyo asilimia 2 ni 16,000 kwa mwezi. Kuchelewa miezi sita kunawagharimu 960,000. Watakaa miezi 60 kuirudisha. Hesabu ya darasa la saba hiyo.

Kuna mtego mwingine ambao hutauona kwenye majumlisho: asilimia 5 ya nini? Barua ikisema "asilimia 5 ya mshahara wa kuanzia", basi kila mwaka unaongezwa 40,000 ileile, na mwaka wa nne unafika 960,000 kamili. Hapo hesabu ya bosi wangu inakuwa sahihi, na wewe umepewa mkupuo uliokatwa vipande vinne. Mbaya kuliko yote, maana hupati faida ya kuanza juu wala ya nyongeza kuzaa nyongeza. Kuligundua ni rahisi. Usiangalie nyongeza ya kwanza, hiyo ni 40,000 kwa vyovyote. Angalia slipu ya Januari ya pili. Ikiwa imeongezeka 42,000, uko salama. Ikiwa ni 40,000 tena, rudi ukaisome barua yako.

Na uangalie mstari gani wa slipu umepanda. Nyongeza ikiingizwa kama posho, mkononi utaona hela, lakini mshahara wa msingi umebaki palepale, na asilimia 5 ya mwakani itahesabiwa kwenye ule mdogo. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inapima mambo mengi kwa mshahara wa msingi: saa za ziada zinalipwa angalau mara moja na nusu ya msingi, na kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka 10. Posho haigusi huko. Sisi wa utalii tunapenda sana posho, nalijua hilo, nami nimezila. Ila zisiitwe nyongeza ya mshahara.

Mimi niliondoka pale kabla ya masika ya 2024. Mkataba nilio nao sasa una sentensi niliyoiandika mwenyewe, mwajiri akabadilisha neno moja tu: "Kila tarehe 1 Januari mshahara wa msingi utaongezwa kwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa Desemba iliyotangulia, kwa muda wote wa ajira." Hayo maneno ya Desemba iliyotangulia na muda wote wa ajira ndiyo yaliyonichukulia kikao kizima, na sijutii. Wakati wa kuyadai ni kabla ya kusaini. Ukishasaini unakuwa mwombaji.

Dada wa Moshi nilimwambia arudi kwa mwajiri na swali moja: hiyo asilimia 5 inaendelea mwaka wa tano au inakufa? Akajibiwa kwamba baada ya miaka minne "tutaangalia hali ya biashara". Nikamwambia achukue asilimia 20, iandikwe kwenye mshahara wa msingi, ianze Januari, na ile sentensi ya kutogusa habari za mshahara iwe na tarehe ya mwisho. Tatu za kwanza wamekubali. Hiyo ya tarehe bado wanavutana.