Geji ya kondensa inavyosomwa Mbeya, na kazi ya kilo moja ya mvuke

Mara ya kwanza nilipokokotoa kazi ya mtambo wa mvuke katika kiwanda kimoja karibu na Mbeya, nilipata jibu pungufu kwa takriban kilojuli 130 katika kila kilo ya mvuke, ilhali hesabu yenyewe haikuwa na kosa hata moja la kujumlisha. Kosa lilikuwa katika tarakimu ya kwanza niliyoiingiza, yaani presha ya kondensa, na kwa kuwa nimewaona vijana kadhaa wa mafunzo kwa vitendo wakilirudia, naliandika hapa kwa kirefu.

Geji ya kondensa ilisoma −73 kPa. Geji ya namna hiyo haisemi presha kamili iliyomo ndani, bali husema presha hiyo imepungua kwa kiasi gani chini ya ile ya hewa inayoizunguka. Mimi, kwa mazoea ya darasani, nilichukua hewa kuwa 101 kPa, nikatoa 73 na kubaki na 28 kPa. Lakini 101 ni hewa ya usawa wa bahari, kama ile ya Dar es Salaam au Tanga. Mbeya ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako hewa ina presha ya kiasi cha 83 kPa, na ndiyo sababu maji yetu huchemka kabla ya kufika nyuzi 95. Presha kamili ya kondensa ilikuwa 83 − 73, yaani 10 kPa.

Aliyenizindua ni fundi wa zamu, mzee aliyeniuliza, «Kijana wangu, umeshika bomba la maji yanayotoka kondensa?» Kipimajoto cha bomba hilo kilisoma nyuzi 46. Jedwali la maji linaonyesha kwamba katika 10 kPa maji huchemka kwenye nyuzi 45.8, na katika 28 kPa huchemka karibu na nyuzi 67. Tangu siku hiyo sianzi hesabu bila kulinganisha geji na kipimajoto. Vikipishana, kwanza nachunguza presha ya hewa niliyoitumia, kisha ndipo nashuku hewa iliyovuja na kuingia ndani ya kondensa.

Sasa tuikokotoe upya. Mvuke uliingia kwenye turbini ukiwa na 4 MPa na nyuzi 400. Geji ya boila ilisoma 3.92 MPa, na kuongeza 0.08 ya hewa hubadilisha jibu kidogo sana. Ni upande wa kondensa ndiko hewa inakoamua. Katika 4 MPa maji huchemka kwenye nyuzi 250, kwa hiyo mvuke wa nyuzi 400 unatafutwa katika jedwali la mvuke uliopashwa zaidi, ambako enthalpi ni 3214.5 kJ/kg na entropi ni 6.7714.

Tukichukulia turbini haina upotevu, entropi haibadiliki hadi mvuke unapotoka. Katika 10 kPa, entropi ya maji ni 0.6492 na tofauti kati ya maji na mvuke mkavu ni 7.4996, na enthalpi ya maji ni 191.8 na tofauti yake na ya mvuke mkavu ni 2392.1, kwa hiyo sehemu iliyobaki mvuke, x, na enthalpi ya kutokea, h, ni:

```
x = (6.7714 - 0.6492) / 7.4996 = 0.816
h = 191.8 + 0.8163 * 2392.1 = 2144.5 kJ/kg
```

Kazi ya turbini ni 3214.5 kutoa 2144.5, yaani 1070 kJ/kg. Pampu hupandisha maji kutoka 10 hadi 4000 kPa, na kwa kuwa kilo moja ya maji ina ujazo wa mita za ujazo 0.00101, kazi yake ni 0.00101 × 3990, yaani 4 kJ/kg tu. Hapa presha iwekwe katika kPa, kwa sababu anayeweka MPa hupata jibu dogo mara elfu na huenda asishtuke, maana tayari anatarajia namba ndogo. Kazi halisi, baada ya kuondoa ile ya pampu, ni 1066 kJ/kg. Kwa 28 kPa niliyoitumia awali nilikuwa nimepata kiasi cha 935.

Ile 0.816 nayo inastahili kutazamwa. Mvuke wenye karibu asilimia 18 ya matone ya maji ungekula mapanga ya mwisho ya turbini, na wahandisi hujitahidi usishuke sana chini ya 0.88 au 0.90. Katika turbini ya kweli yenye ufanisi wa asilimia 85, kazi hushuka hadi 909.5, enthalpi ya kutokea hupanda hadi 2305, na x huwa 0.883. Upotevu huo huukausha mvuke kidogo, lakini mtambo huo ukitakiwa kuongezewa presha ya boila, ni lazima na nyuzi za mvuke ziongezwe pamoja nayo.